Andalio lililojaa kila kisanduku na kipindi kilichoishia njiani: uchambuzi wa kisa kimoja

Andalio la somo lenyewe lilikuwa safi. Mistari imenyooka, hakuna kisanduku kilichoachwa wazi, na ukijumlisha safu ya muda unapata dakika 40 kamili. Mwalimu tarajali aliyeliandika alikuwa anafundisha hisabati, mada ya sehemu, katika darasa la watoto 48. Lengo lake nalo lilikuwa zuri: mwishoni mwa kipindi kila mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu ambazo kiasi chake ni 1, na aeleze kwa nini moja ni kubwa kuliko nyingine. Nilikaa nyuma ya darasa kama msimamizi wake, andalio mkononi. Kengele ilipolia, zoezi la mtu mmoja mmoja lilikuwa halijaanza, na watoto wawili wa dawati la mbele walikuwa wameonesha kwa karatasi, mbele ya wenzao, kwamba theluthi na robo zinalingana.

Mwalimu hakuwa mvivu, wala hakushindwa hesabu. Alishindwa na jedwali lake, na makosa yote yalikuwa yameshaandikwa humo kabla hajaingia darasani. Hili hapa, kama lilivyokuwa:

| Hatua | Muda | Shughuli za mwalimu | Shughuli za mwanafunzi | Zana |
|---|---|---|---|---|
| Utangulizi | dk 5 | Kuwauliza wanafunzi maswali kuhusu sehemu | Kujibu maswali kuhusu sehemu | Ubao, chaki |
| Maarifa mapya | dk 10 | Kueleza namna ya kulinganisha sehemu | Kusikiliza maelezo ya namna ya kulinganisha sehemu | Ubao, chaki |
| Kazi ya vikundi | dk 15 | Kuwaongoza wanafunzi katika vikundi kukunja karatasi kuonesha 1/2, 1/3 na 1/4, na kuwasilisha | Kukunja karatasi kuonesha 1/2, 1/3 na 1/4, na kuwasilisha | Karatasi, mikasi |
| Kuimarisha | dk 5 | Kutoa zoezi | Kufanya zoezi | Madaftari |
| Hitimisho | dk 5 | Kufanya muhtasari wa somo | Kusikiliza na kuandika muhtasari | Ubao, chaki |

Ziba kwa mkono safu ya mwalimu, usome ya mwanafunzi peke yake kutoka juu hadi chini. Utakuta kila mstari ni mwangwi wa jirani yake. Mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu. Mwalimu anaeleza, mwanafunzi anasikiliza. Mwalimu anatoa, mwanafunzi anafanya. Kwenye kazi ya vikundi sentensi ni ileile, imeondolewa tu "kuwaongoza wanafunzi katika vikundi". Sote tuliopita vyuo vya ualimu tunaijua njia hii. Unajaza safu ya kushoto, kisha unainakili kulia ukipunguza neno moja au mawili. Kisanduku kinajaa na mkaguzi anaridhika. Ila safu ya pili haijaongeza taarifa yoyote ambayo haikuwa kwenye ya kwanza, kwa hiyo mwalimu hajalazimika kujiuliza mikono na vichwa vya watoto 48 vitakuwa vinafanya nini hasa katika dakika ya 7 au ya 22.

Kipimo changu kwa safu hiyo ni kimoja: kila mstari wake utaje kitu kinachoweza kuonwa au kushikwa. Jibu lililoandikwa daftarini, karatasi iliyokunjwa na kuandikwa, sentensi iliyosemwa kwa jirani. "Kusikiliza maelezo" hakukaguliki. Mtoto anaweza kukutazama machoni dakika zote kumi huku akili yake ikiwa uwanjani, nawe usijue mpaka ufike kwenye zoezi. Na siku ile zoezi halikufikiwa.

Sasa turudi kwa watoto wawili wa dawati la mbele, kwa sababu kisa chao kinaanzia kwenye safu ambayo wengi wetu tunaijaza mwisho, tena kwa haraka: zana. Andalio linasema "karatasi, mikasi". Karatasi ngapi, za ukubwa gani, zimekatwa au bado, havikutajwa. Mwalimu alileta karatasi chache na mikasi minne kwa vikundi vinane vya watu sita. Vikundi vilivyokosa mkasi vilichana karatasi kwa mikono, na vingine vikachana kurasa za madaftari yao.

Kukunja nusu ni rahisi, mtoto yeyote anakutanisha ncha mbili. Robo pia ni rahisi, ni nusu ya nusu. Theluthi ndiyo kazi. Kukunja ukanda mara tatu zilizo sawa kunataka kubahatisha, kufungua, kusogeza na kukunja tena, na hata mtu mzima hukosea. Mmoja wa wale wawili akapata ufumbuzi ambao kwa kweli ni wa akili: alikunja ukanda wake mara nne kama alivyokwishazoea, akachana kipande kimoja na kukitupa chini ya dawati. Alibaki na vipande vitatu vilivyo sawa kabisa. Akaandika 1/3 juu ya kimoja. Kisha akakilaza kando ya robo ya mwenzake, ambayo ilitoka kwenye ukanda mzima wa urefu uleule. Bila shaka vililingana, maana kile alichokiita theluthi kilikuwa robo ya ukanda wa awali. Alichokibadilisha ni kizima chenyewe. Wenzao walipoona wakakubali, na mwalimu, aliyekuwa upande wa pili akitafuta mkasi wa nne, hakuliona hilo mpaka kikundi kiliposimama kuwasilisha.

Yaani kisanduku cha zana kilichoandikwa maneno mawili tu kimegeuka kuwa kosa la hisabati kwenye kichwa cha mtoto. Huwezi kulinganisha sehemu za vizima viwili tofauti, na hilo ndilo somo lenyewe. Kama andalio lingesema "kanda zenye urefu sawa, zimekatwa tayari, ukanda wa theluthi una alama za kukunjia", mtoto asingekuwa na haja ya kuchana kitu.

Safu ya muda ilikuwa na tatizo la aina yake. Jumla ilikuwa sahihi, na ndiyo maana haikumshtua mtu. Chukua lakini ule mstari wa dakika 15 uufumue. Kupanga vikundi vinane na kusogeza madawati, dakika 3 darasa likiwa tulivu. Kugawa karatasi na kuzungusha mikasi, 3 nyingine. Kukunja kanda tatu na kuziandika, 8 kwa uchache. Kisha kuwasilisha: vikundi vinane, na kila kimoja kikisimama, kikatembea mbele, kikasema na kurudi, hakitumii chini ya dakika 2. Hizo ni 16. Ukijumlisha unapata nusu saa kwa kazi iliyopewa robo saa. Siku hiyo viliwasilisha vikundi vitatu tu, dakika zikawa zimekwisha, na kilicholiwa ni zoezi na hitimisho, yaani sehemu pekee ambamo mwalimu angejua nani ameelewa.

Nimeona haya kwenye maandalio mengi, na chanzo chake ni kwamba muda unagawiwa kwa hatua badala ya kwa vitendo. Mtu anajua utangulizi "huwa" dakika 5 na hitimisho "huwa" dakika 5, anaviandika, kisha kinachobaki anakigawa katikati. Muda ungetokana na safu ya mwanafunzi, 16 ile ingeonekana kabla ya kuingia darasani, kwa kuzidisha tu.

Tulikaa naye baada ya kipindi. Alikuwa na siku chache kabla ya kufundisha somo hilohilo kwenye mkondo wa pili, nao una watoto 48 vilevile. Nikamwomba asianze kujaza kutoka juu kushoto. Aanze chini kulia, kwa zoezi. "Mwalimu, nianze na mwisho?" akauliza. Ndiyo, kwa sababu zoezi ndilo lengo likiwa limevaa nguo za kazi. Akaandika maswali matatu yasiyohitaji karatasi ya kukunja: ipi kubwa kati ya 1/5 na 1/8, ipi kubwa kati ya 1/10 na 1/6, na panga 1/7, 1/2 na 1/9. Chini ya maswali akaongeza: chagua swali moja ueleze kwa sentensi jinsi ulivyojua. Asili hizo hawakuzikunja popote darasani, kwa hiyo mtoto anayekumbuka tu picha ya kanda tatu hatavuka. Itambidi awe ameshika wazo kwamba kizima kikigawanywa mara nyingi zaidi kila kipande kinapungua.

Kutoka hapo tukapanda juu tukijiuliza mtoto anahitaji kuwa amefanya nini ili ayaweze maswali hayo. Safu ya mwanafunzi ikajazwa kwanza, ikafuata ya zana, kisha ya mwalimu, na muda ukaja wa mwisho. Huu ndio mstari uliokuwa umeharibika, baada ya kugawanywa mara mbili:

| Muda | Shughuli za mwanafunzi | Zana | Shughuli za mwalimu |
|---|---|---|---|
| dk 10 (kugawa 2, kukunja 8) | Wawili wawili: kukunja ukanda wa kwanza mara 2, wa pili mara 4, wa tatu kwa kufuata alama, kuandika 1/2, 1/4 au 1/3 kwenye kila kipande | Kanda 72 za sm 24 kwa sm 3, zimekatwa, 24 kati yake zina alama kwenye sm 8 na sm 16, kanda za akiba | Kugawa kupitia viongozi wa safu, kukunja ukanda mmoja mbele, kupita akihakikisha hakuna ukanda uliochanwa |
| dk 8 | Kulaza kanda moja chini ya nyingine, ncha za kushoto zikiwa sawa, kupanga vipande kuanzia kikubwa, kuandika sentensi moja ya kujibu swali la ubaoni | Kanda zilezile, madaftari | Kuandika ubaoni: "4 ni kubwa kuliko 3. Kwa nini basi 1/4 ni ndogo kuliko 1/3?" Kupita akichagua jozi mbili za kusoma sentensi zao |

Nimeipanga hapa kwa mfuatano tulioufuata kuijaza; kwenye fomu yake safu zilibaki mahali zinapotakiwa.

Sentimita 24 hazikuja kwa bahati. Namba 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila baki, hivyo nusu ni sm 12, theluthi ni sm 8, robo ni sm 6. Mwalimu anaweka alama kwa rula bila desimali, na kanda hizohizo zitamfaa akifika kwenye sehemu zinazolingana. Karatasi ya A4 ina urefu wa sm 29.7 na upana wa sm 21. Ukiikata urefu ubaki sm 24, upana unatoa kanda saba za sm 3. Jozi 24 mara kanda tatu ni 72, kwa hiyo karatasi 11 zinatoa kanda 77, na 12 zinatoa 84. Akachukua 12. Hesabu hii ilimchukua muda mfupi kuliko alioupoteza darasani akizungusha mikasi. Mikasi yenyewe ikafutwa kwenye safu ya zana, kwani hakuna mtoto anayekata kitu tena.

Vikundi vya watu sita vikawa jozi. Katika kundi la sita wenye karatasi ni mmoja au wawili na wengine ni watazamaji. Safu ya mwanafunzi inasema "kukunja" kana kwamba wote wanakunja. Jozi hazihitaji kusogeza dawati, na dakika 3 za kupanga vikundi zikarudi mfukoni.

Utangulizi nao ukabadilika. "Maswali kuhusu sehemu" si swali. Swali liandikwe kwenye andalio kama litakavyotamkwa, kwa sababu swali la kubuni papo kwa papo mbele ya darasa mara nyingi hutoka kama "Sehemu ni nini?" na mtoto mmoja hodari anajibu kwa niaba ya wote. Akaandika: "1/3 na 1/4, ipi kubwa? Andika jibu lako na sababu moja. Usifute." Kwenye safu ya mwanafunzi: kila mmoja kuandika daftarini, kisha kunyoosha mkono kwa jibu alilochagua. Mwalimu hasahihishi chochote hapo, anahesabu mikono tu. Wengi watachagua 1/4, kwa sababu wamezoea kwamba 4 inaizidi 3, na ni vizuri kosa hilo liwe kwenye karatasi kabla ya kukunja.

Yale maelezo ya dakika 10 yaliondoka kama mstari unaojitegemea. Alisita hapo, akiogopa kwamba msimamizi mwingine atauliza maarifa mapya yako wapi. Yapo kwenye kanda. Kanuni yenyewe anaitamka baada ya jozi mbili kusoma sentensi zao, wakati watoto tayari wana kitu cha kuifungia, na inatosha dakika moja.

Muda ukawa hivi: utangulizi 5, kukunja 10, kulinganisha 8, jozi mbili kusoma na mwalimu kuhitimisha hoja 6, zoezi 8, na dakika 3 za mwisho kila mtoto kurudi kwenye jibu lake la utangulizi, kuandika chini yake kama analibadili na kwa nini. Jumla ni 40. Pembeni ya ile dakika 6 akaweka alama ya nyota na maneno "nikichelewa, jozi moja". Napenda sana alama hiyo. Kipindi kuchelewa ni jambo la kawaida, mwalimu aliyetangulia akipitiliza au daftari zikichelewa kugawiwa, na ni afadhali uamuzi wa kipi kikatwe ufanywe mezani kuliko ufanywe na kengele.

Kuna la kusema kuhusu kiasi cha maandishi, maana najua mwenye vipindi sita kwa siku anasoma haya akikuna kichwa. Safu ya mwalimu inaweza kuwa fupi sana. Mtu anayejua somo lake hahitaji kujiandikia "kuingia na kusalimia". Kwenye andalio hili maneno yasiyoweza kupunguzwa ni machache: swali lenyewe, idadi na vipimo vya zana, na kile mtoto atakachokitoa. Mengine yakifupishwa hakuna kinachoharibika. Nimeona pia upande wa pili, andalio la kurasa tatu lenye kila neno la mwalimu kama mchezo wa kuigiza, na mwandishi wake akilisoma huku mtoto amenyoosha mkono kwa dakika nzima. Kisanduku kikiwa kidogo, ongeza mstari chini yake. Kubana mwandiko ndani yake ni kujinyima kusoma ukiwa umesimama.

Kwenye mkondo wa pili kipindi kilichelewa kuanza, na nyota ikatumika: ilisoma jozi moja. Kanda zilitosha na nyingine zikabaki. Hakuna aliyechana. Zoezi lilianza na kumalizika, na hapo ndipo likaibuka jambo ambalo wala mimi sikuwa nimeliona kwenye andalio. Watoto 9 walipanga 1/9, 1/7, 1/2. Kwa haraka unasema wamefuata ukubwa wa asili, wakaanza na 9 kwa sababu ndiyo namba kubwa. Lakini huo pia ni mpangilio sahihi kabisa, kuanzia ndogo kwenda kubwa, na swali lilisema "panga" tu, halikusema kuanzia wapi. Jibu moja, watoto wa aina mbili, na huwezi kuwatofautisha kwa kulitazama hilo peke yake.

Maswali mawili ya kwanza ndiyo yaliyowatenganisha. Mwalimu alipoyapitia madaftari hayo 9, sita walikuwa wamechagua 1/5 na 1/6 kwa usahihi, kwa hiyo walikuwa wamepanga vizuri kutoka upande mwingine. Watatu walikuwa wamechagua 1/8 na 1/10. Kwenye nafasi ya maoni, ambako safari ya kwanza palikuwa na maneno "somo limeeleweka kwa kiasi", aliandika majina ya watatu hao, akaandika "swali la 3: ongeza kuanzia kubwa", na kwenye andalio la kipindi kilichofuata mstari wa utangulizi ukaanza na kanda za akiba: watatu hao kupewa ukanda mmoja mmoja wa sm 24, kuukunja mara 8, na kuulaza chini ya ule wa robo.